Namba ya chini ya mistari imekataa: je, maziwa ni feki?

*"Yaya, niko na butiki ndogo Katuba. Shemeji yangu yuko mpakani Kasumbalesa, alinitumia picha ya kopo la maziwa ya unga, anataka nimtumie pesa anunue karto 20. Nilichukua nimero ya chini ya mistari, 6004713203597, nikaipiga kwenye aplikasyo ya telefone, ikaniambia si sahihi. Mteja wangu mmoja naye anasema nimero ikianza na 6 ni ya Uchina, basi ni feki. Watu wananunua haya maziwa kwa ajili ya watoto. Ninunue ama niache? Picha nimekutumia."*

Mama, pesa usitume bado, lakini shemeji naye usimwite mwongo. Nimeifungua ile picha nikaikuza mpaka mistari ikawa minene kama vidole, na kosa nimeliona: tarakimu moja imesomwa vibaya. Kopo ni la duara, mwanga umelipiga kwenye mbinuko wake, na pale mwanga ulipokaa, 8 imepoteza ubavu wake wa kushoto ikabaki 3. Nitakuonyesha ni ipi na nimejuaje, maana wiki ijayo utaletewa picha nyingine. Halafu nitakuambia na lile ambalo halitakufurahisha: hata namba ikiwa sahihi kabisa, haithibitishi kwamba ndani ya kopo mna maziwa ya kweli.

Aplikasyo yako haikupima maziwa wala haikuuliza kiwanda chochote. Ilifanya hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe nyuma ya fakture. Katika zile tarakimu 13, kumi na mbili za mwanzo ndizo jina la bidhaa. Ya mwisho haina habari yoyote mpya, inatokana na zile nyingine, na kazi yake ni moja tu: kushtuka mtu akikosea kunakili. Tuiite tarakimu ya ukaguzi.

Chukua kalamu. Jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa na ya kumi na moja kama zilivyo. Kwa namba uliyoniandikia ni 6+0+7+3+0+5, jumla 21. Sasa chukua zile zilizobaki katikati yake, ya pili, ya nne, ya sita, ya nane, ya kumi na ya kumi na mbili: 0+4+1+2+3+9, jumla 19. Hii ya pili izidishe kwa 3, upate 57. Unganisha na 21, unafika 78. Kutoka 78 kwenda 80 panapungua 2, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ilipaswa kuwa 2. Wewe umeandika 7. Ndiyo maana aplikasyo ilikataa, na ilikuwa na haki.

Utauliza kwa nini zidisha kwa 3. Kama tarakimu zote zingejumlishwa tu, mtu akibadilisha 18 ikawa 81 jumla ingebaki ile ile na hakuna ambaye angejua. Kwa kuipa nafasi moja uzito wa 1 na jirani yake uzito wa 3, kupishana kwa tarakimu kunabadilisha jumla. Na kwa nini 3, si 2 wala 5? Kwa sababu ukizidisha tarakimu 0 hadi 9 kwa 3, kila jibu linaishia na tarakimu yake peke yake. Jaribu kwa 5 uone: yote yanaishia na 0 au 5, na makosa mengi yangepita bila kuonekana. Kwa 3, kosa la tarakimu moja halijifichi kamwe, liwe nafasi yoyote.

Hesabu hiyo inakuambia kwamba kuna kosa, haikuambii liko wapi. Ila inaacha alama ya mguu. Jumla yako pamoja na tarakimu ya mwisho ni 78+7, yaani 85, na ilitakiwa iishie na 0. Imepotoka kwa 5. Ukikosea tarakimu moja tu, kosa pekee linaloleta upotofu huo ni tarakimu iliyoongezeka au kupungua kwa 5: kwenye nafasi ya uzito 1 inaleta 5, kwenye nafasi ya uzito 3 inaleta 15, na zote mbili zinaishia na 5. Sasa jiulize tarakimu gani zilizoachana kwa 5 zinafanana machoni. 0 na 5 hazifanani, 1 na 6 si sana, 2 na 7 pengine kwa mwandiko wa mkono, 4 na 9 labda picha ikiwa na ukungu. Lakini 3 na 8 ni mapacha. Mwanga ukila upande wa kushoto wa 8, umepata 3.

Na wewe una 3 mbili, moja nafasi ya saba na nyingine nafasi ya kumi. Hapa hesabu inaishiwa nguvu. Ukigeuza ile ya saba unapata 6004718203597. Ukigeuza ile ya kumi unapata 6004713208597. Zipigie hesabu zote mbili: ya kwanza inatoa 26 na 57, jumla 83, ya pili inatoa 21 na 72, jumla 93. Zote zinadai 7 mwishoni. Zote zinapita. Mtu mwenye haraka angechagua moja kwa bahati, akapata namba "sahihi" ya bidhaa nyingine kabisa.

Kwa hiyo niliacha tarakimu nikasoma mistari. Tarakimu zile ndogo ziliandikwa kwa ajili ya macho yetu. Mashine inasoma mistari, na mistari ni mirefu, mwanga hauwezi kuifuta yote. Tazama picha: kuna jozi tatu za mistari myembamba inayoshuka chini kuliko mingine, moja mwanzoni, moja katikati, moja mwisho. (Ni zile ambazo baadhi ya wahubiri wanasema ni 666. Zinafanana kidogo na mwanzo wa 6 ya upande wa kulia, hilo kweli, ila si tarakimu. Ni mipaka, mashine ijue pa kuanzia, pa katikati na pa kuishia.) Kati ya mpaka wa kwanza na wa katikati kuna tarakimu sita, na baada ya katikati kuna sita nyingine. Hiyo ni kumi na mbili. Ya kumi na tatu, yaani ile 6 ya mwanzo iliyosimama peke yake nje upande wa kushoto, haina mistari yake. Imefichwa katika namna sita za kushoto zilivyochorwa: kila moja ya hizo ina michoro miwili inayoruhusiwa, na mpangilio wa michoro ndio unaosema "mwanzo ni 6".

Kila tarakimu ina mistari myeusi miwili. Nafasi ya saba ndiyo ya mwisho upande wa kushoto, imeegemea mpaka wa katikati, kwa hiyo ni rahisi kuipata. Kwa namba inayoanza na 6, pale tarakimu 3 huchorwa hivi: mstari mmoja mnene sana, wa vipimo vinne, kisha mwembamba wa kipimo kimoja. Tarakimu 8 huchorwa mstari wa vipimo viwili, kisha wa vipimo vitatu. Kipimo kimoja ni unene wa ule mstari mwembamba wa mpakani. Tofauti inaonekana hata kwa jicho lililochoka: 3 ni kama mbuyu na fito pembeni yake, 8 ni kama vijana wawili wanaokaribiana unene, wa pili kamzidi wa kwanza kidogo. Kwenye picha ya shemeji, kabla ya jozi ya katikati, nimeona vijana wawili. Mbuyu haupo. Basi ni 8, na namba ya kopo ni 6004718203597.

Kama huna subira ya kuhesabu mistari, fungua aplikasyo inayosoma picha na uielekeze kwenye mistari yenyewe badala ya kupiga tarakimu kwa kidole. Itasoma mistari na kufanya hesabu kabla ya kukupa jibu. Picha ikiwa mbaya itakaa kimya, na kimya ni bora kuliko kubahatisha. Ukiwa na kopo mkononi, linganisha namba iliyotoka kwenye mistari na ile iliyoandikwa chini yake. Zikitofautiana, hapo kweli una la kuuliza: kuna karatasi iliyobandikwa juu ya nyingine, au aliyechapa lebo hakujua anachofanya.

Jambo moja kuhusu kutajiana namba kwenye simu, maana najua tunavyofanya. Nilishawahi kurudisha karto za biskuti nzuri kabisa kwa sababu kijana aliyenitajia namba alipindua tarakimu mbili, hesabu ikakataa, nami nikamwita mwenye mali tapeli mbele ya watu. Lakini hesabu yenyewe ina tundu: tarakimu mbili jirani zilizoachana kwa 5 zikipishana, haioni. Chukua 1 yenye uzito 1 na 6 yenye uzito 3: 1 na 18, jumla 19. Zipindue: 6 na 3, jumla 9. Tofauti ni 10 kamili, na hesabu inayotazama tarakimu ya mwisho tu haishtuki. Vivyo hivyo tarakimu mbili zilizorukana, kama ya nne na ya sita, zikibadilishana nafasi hazionekani hata kidogo, maana uzito wao ni mmoja. Na mtu akibuni tarakimu 13 ovyo, ana nafasi moja kati ya kumi ya kupita. Kwa hiyo "sahihi" maana yake ni ndogo kuliko unavyodhani: ni kwamba huenda namba imenakiliwa vizuri.

Sasa mteja wako. Ujumbe anaousema nimeupokea mara nyingi kwenye WhatsApp, na una chembe ya ukweli iliyopikwa vibaya. Tarakimu tatu za mwanzo zinagawiwa na shirika la GS1, lenye ofisi katika nchi nyingi. Uchina wana 690 hadi 699, pamoja na 680 na 681. Afrika Kusini wana 600 na 601, India 890, Tanzania 620, na 616 ni Kenya, yaani nchi, si Kenya yetu ya sokoni hapa Lubumbashi. Kopo lako linaanza na 600. Kwa hiyo hata kwa hesabu yake mwenyewe, mteja amekosea nchi.

Ila kosa lake kubwa si hilo. Tarakimu tatu zile zinaonyesha ofisi ya GS1 iliyotoa namba kwa kampuni, hazionyeshi kiwanda kilipo. Kampuni iliyojiandikisha Johannesburg inaweza kununua unga wa maziwa ng'ambo, kuupakia katika nchi ya tatu na kuuuza Lubumbashi, na namba itaanza na 600 wakati wote huo. Na kampuni yenye 690 inaweza kuwa na mali safi kabisa. Ukitaka kujua ilikotengenezwa, isome lebo palipoandikwa "Fabriqué en" au "Made in", na jina na anwani ya mtengenezaji.

Tarakimu zinazofuata ni za kampuni, kisha za bidhaa yenyewe. Usijaribu kuzikata mwenyewe useme hapa kampuni inaishia, maana urefu wa sehemu ya kampuni hautoshani. Ukitaka kujua mwenye namba, GS1 wana ukurasa wa bure unaoitwa Verified by GS1. Unaandika namba, unaonyeshwa kampuni iliyopewa na, kama kampuni imejaza taarifa zake, chapa na maelezo ya bidhaa. Hapo ndipo namba inapoweza kukusaidia kumshika mtu: ukiandika namba ya kopo la maziwa ukaletewa sabuni, au kampuni isiyo na uhusiano na jina lililo kwenye lebo, rudi nyuma. Lakini ukikuta maelezo hayajajazwa, usihukumu, kampuni nyingi za kweli hazijazi. Na ukikuta kila kitu kinalingana, bado hujamaliza.

Kwa nini? Kwa sababu anayeghushi lebo hahitaji kubuni namba. Ananakili lebo nzima, mistari na vyote, na mistari iliyonakiliwa inasomeka sawasawa na ya asili. Makopo yote ya chapa moja na ukubwa mmoja yana namba ile ile. Lililotoka kiwandani jana, lililokaa juani Kasumbalesa miezi minane, na lile tupu lililojazwa unga mwingine uani kwa mtu, yote matatu yatasoma 6004718203597. Mistari ya aina hii ilianza kutumika dukani tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, Ohio, kwa pakiti ya chingamu, na shida iliyokuwa ikitatuliwa ni foleni ya malipo. Ilitengenezwa ili mashine ijue "hiki ni kitu gani" haraka. Bei haimo, iko kwenye kompyuta ya duka. Tarehe ya kuisha haimo. Namba ya loti haimo. Kuna misimbo ya miraba midogo kwenye maboksi mengi ya dawa inayobeba tarehe na loti, lakini ile mistari ya kawaida kwenye kopo lako haibebi.

Kwa hiyo picha unayohitaji kwa shemeji si ya mistari. Mwambie ageuze kopo apige kitako, palipopigwa tarehe na loti kwa wino wa vitone. Aifungue karto moja ambayo bado ina gundi yake, apige maandishi ya ubavuni, kisha makopo matatu ya ndani. Kwa kawaida tarehe na loti za karto hulingana na za makopo yaliyomo. Kukiwa na makopo ya loti tano tofauti ndani ya karto moja inayoitwa mpya, karto hiyo imepangwa na mtu. Aangalie kama chini ya tarehe kuna kivuli cha wino mwingine au bati limekwanguliwa. Aminye mfuniko wa bati ulio chini ya ule wa plastiki: usiwe umevimba, usiwe na kutu pembeni, wala usinyanyuke kwa kidole. Na amwombe mwenye depo karatasi za mzigo huo kutoka OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Aliyepitisha mali mpakani kwa njia halali anapaswa kuwa nazo, na aliyekasirika kwa kuulizwa amekujibu.

Karatasi zikikosekana, au tarehe zikiwa na walakini, anunue kopo moja tu, si karto 20, ulipeleke ofisi ya OCC hapa Lubumbashi ukaulize. Swali la kilichomo ndani ya unga ni la maabara. Mimi na picha yangu hatuliwezi, na yeyote anayekuambia analiweza kwa kutazama mistari anakudanganya.

Umetaja watoto, nami siwezi kuliruka hilo. Soma kwenye lebo kama ni maziwa ya unga ya kawaida au ni ya watoto wachanga, yenye umri ulioandikwa. Maziwa ya kawaida, hata yakiwa halisi kuliko yote, hayafai kuwa chakula kikuu cha mtoto asiyefikisha mwaka, na msimbo hautamwambia mama yeyote tofauti hiyo. Wewe ndiye utakayemwambia. Mtoto aliyetumia kopo lenye shaka akitapika, akiharisha au akilegea, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mama abebe kopo pamoja na mfuniko. Ile loti ya kitakoni ndiyo watakayoihitaji.

Picha za kitako zikifika, nitumie. Mwambie shemeji asogee kivulini na ageuze kopo kidogo, mwanga usilipige usoni.